Tupeane uzoefu: sushi iliyokaa nje ya friji masaa kadhaa (Mwanza na kando ya ziwa)

Dada wa Nyegezi
Habari zenu wanajukwaa. Naomba tupeane uzoefu wa sushi iliyokaa nje. Siku hizi watu wanaagiza kwa ajili ya bethidei na vikao, halafu sinia linaachwa mezani hadi jioni kama maandazi.

Naanza na la ofisini kwetu, Capri Point. Jumamosi sinia lilitoka mgahawani saa tano asubuhi kwa bodaboda. Tulikula saa nane mchana, hakuna aliyeumwa. Lililobaki likafunikwa foili na kuachwa palepale mezani. Saa kumi na moja jioni wanne wakalimalizia. Mmoja, nusu saa tu baadaye, uso ukamwaka moto, midomo ikawasha, moyo ukamwenda mbio na kichwa kikamgonga. Wawili wakaanza kutapika saa mbili usiku. Wa nne hakupata chochote hadi leo. Chakula hakikuwa kinanuka wala rangi haikubadilika.

Je, ni wali, ni samaki, au ni mikono ya aliyeandaa? Na nyie yamewakuta yapi?

Mtoto wa Igoma
Pole zao dada. Ila sushi ina siki kwenye wali, na siki inaua bakteria. Ndiyo maana Wajapani wanakula kila siku na hawafi. Mimi yangu huwa naikamulia ndimu ya kutosha na kuweka wasabi, naiacha hata masaa matano, sijawahi kuumwa. Nahisi hao walikunywa kitu kingine.

Mama Wawili Buzuruga
Mimi sushi sijawahi kula. Lakini wali wa shughuli uliobaki kwenye sufuria usiku kucha ulitutapisha nyumba nzima, na asubuhi tulikuwa tumeupasha moto hadi unatoa moshi. Mpaka leo sielewi ilikuwaje. Au hapa tunaongelea samaki peke yake?

Mpishi wa Zamu
Mama Wawili, umegusa penyewe, huko si nje ya mada. Nimekaa jikoni za hoteli Dar, Zanzibar na sasa Mwanza, na sushi nimeikunja kwa miaka mingi. Watu wakiumwa, macho yote yanaenda kwa samaki mbichi, na wali wanausahau.

Mchele una bakteria wake, na mbegu zao ni ngumu, hazifi kwa kuchemka. Ukiepua sufuria na wali ukakaa vuguvugu kwa masaa, mbegu zinaamka, bakteria wanazaana na kutoa sumu. Sumu hiyo moto hauiondoi. Ndiyo maana kuupasha hadi utoe moshi hakukuwasaidia: bakteria wengi walikufa, sumu yao ikabaki.

Mtoto wa Igoma, kuhusu siki una nusu ya ukweli. Wali wa sushi ukitiwa siki ya kutosha hadi uchachu wake ufike pH 4.6 au chini ya hapo, bakteria hao hawazaani kirahisi. Jikoni kwetu tunapima kwa kifaa kila sufuria, na tunalenga chini kidogo ya hapo. Lakini wapishi wengi wanapunguza siki kwa sababu wateja wanalalamika kuwa wali ni mkali, na hapo ile kinga inaondoka. Tena siki inalinda wali tu. Kipande cha samaki kilicholazwa juu haikifikii, wala mayonizi na parachichi la ndani. Ndimu ya juujuu inabadilisha rangi ya nyama ionekane kama imeiva, ila haiui vya kutosha. Wasabi ni kiungo, si dawa.

Sasa dada, tuhesabu la ofisini kwenu. Saa ya chakula haianzi mnapokaa mezani, inaanza pale kilipotoka kwenye ubaridi. Roli ilikunjwa labda saa nne, ikakaa kaunta ikisubiri boda, ikapita juani barabara ya Kenyatta bila barafu. Kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 bakteria wanazaana, na wakipata joto linalowafaa kabisa wanaongezeka mara mbili kila dakika 20 hivi. Chukua bakteria mmoja saa tano asubuhi. Saa nane ni 512. Saa kumi na moja jioni ni zaidi ya 260,000. Joto letu la mchana la nyuzi 27 au 28 linawaendesha polepole kidogo kuliko hesabu hiyo, ila mwendo ni huohuo. Kwa hiyo waliokula saa nane na waliokula jioni walichota kwenye sinia moja, lakini hawakula chakula kimoja.

Jahazi la Kirumba
Mimi natoka Mwaloni, samaki ndiyo kazi yangu. Tangu zamani kumjua samaki ni kufunua matamvua: yakiwa mekundu na jicho limetokeza, ni mzima. Akinuka mtupe. Sasa mtu anakulaje kitu asichoweza kukinusa?

Mpishi wa Zamu
Mzee wangu, kwa sangara au sato mzima uko sahihi, na mimi mwenyewe nakagua hivyohivyo. Shida ni kwamba sushi haina matamvua wala jicho. Ni kipande kilichokatwa, kimepakwa soya, kina harufu ya mwani na siki. Na wale bakteria wanaonukisha samaki siyo wanaoumwisha mtu. Sinia linaweza kunukia vizuri kabisa na sumu imo.

Muuguzi wa Sekou Toure Road
Naomba niongeze upande wa wagonjwa, maana muda wa dalili kuanza unaeleza mengi.

Kutapika ndani ya saa moja hadi sita baada ya kula, mara nyingi bila homa kali, ni sumu iliyokuwa tayari ndani ya chakula. Wale wawili walikula saa kumi na moja wakatapika saa mbili, ni masaa matatu. Inaweza kuwa ile sumu ya wali aliyoieleza Mpishi, au sumu ya stafilokokasi, bakteria wanaokaa puani na kwenye vidonda vya vidole. Hata hiyo moto hauivunji. Kwa dalili peke yake siwezi kuzitenganisha, na mtu akikuambia anajua ni ipi bila kupima mabaki ya chakula, anabahatisha. Antibayotiki hapo hazina kazi. Kinachotakiwa ni maji yenye chumvi na sukari, pakiti moja ya duka la dawa kwenye lita moja ya maji safi, kwa kunywa kidogokidogo.

Kuharisha kunakoanza kesho yake au keshokutwa pamoja na homa ni jambo lingine, hapo ni bakteria wenyewe walioingia tumboni. Ukiona damu kwenye choo, au mtu hawezi kubakiza hata maji, au hajakojoa tangu asubuhi, usimsubirishe nyumbani.

Yule wa uso kuwaka moto nina swali naye: alikula jodari?

Dada wa Nyegezi
Ndiyo, nimemuuliza. Yeye alichagua zile za jodari tu. Wale wawili walikula za samoni na za tango. Wa nne alikula za jodari pia, vipande viwili.

Muuguzi wa Sekou Toure Road
Basi huyo inaelekea ni histamini. Jodari, kibua na ndugu zao wakikosa ubaridi, bakteria wanageuza nyama yao kuwa histamini. Inaanza dakika chache hadi saa mbili baada ya kula: uso kuwaka, mdomo kuwasha, kichwa, mapigo kwenda mbio. Watu wengi huipona ndani ya siku moja na dawa za aleji za kawaida zinasaidia. Akianza kubanwa kifua au kuvimba ulimi, ni hospitali muda huohuo.

Mtoto wa Igoma
Lakini wa nne naye alikula jodari na yuko salama. Hapo mnasemaje?

Mpishi wa Zamu
Swali zuri. Histamini haikai sawasawa kwenye samaki mzima. Kipande hiki kinaweza kuwa nayo nyingi na cha jirani yake kidogo, na vipande viwili si sawa na sahani. Kinachonisumbua mimi ni safari. Jodari hapatikani ziwani, anatoka baharini, na hadi afike Mwanza kuna boksi la barafu, gari au ndege, na kusubiri. Histamini ikishajitengeneza njiani, friji haiiondoi, friza haiiondoi, moto hauiondoi. Kwa hiyo siwezi kusema kwa uhakika kama ni meza yenu au ni safari. Waliokula saa nane walikula jodari pia?

Dada wa Nyegezi
Wawili walikula, hawakuumwa.

Mpishi wa Zamu
Hapo naegemea meza, ila siweki mkono kwenye moto.

Kijana wa Bwiru
Sisi wikiendi moja ufukweni jamaa alikata sato mbichi aliyetoka kwenye nyavu asubuhi hiyo, akaloweka kwenye ndimu, kitunguu na pilipili, bakuli likakaa kwenye mkeka mchana wote. Wengi walikula. Mmoja aliharisha siku tatu. Samaki freshi namna ile, kosa ni ndimu haikutosha?

Mpishi wa Zamu
Hapana mdogo wangu. Samaki wa maji baridi simpi mtu mbichi hata akiwa anarukaruka. Ana vimelea, na ndimu haiviui kwa uhakika. Mgahawa makini unagandisha samaki wa kuliwa mbichi kwa nyuzi 20 chini ya sifuri siku saba, na friza nyingi za nyumbani hazifiki hapo. Tena kugandisha kunaua vimelea, bakteria wanalala tu. Singapore mwaka 2015 waliugua watu wengi kwa bakteria waliotoka kwenye samaki mbichi wa maji baridi, na mwaka huohuo serikali ikapiga marufuku migahawa kumuuza mbichi. Mkeka wa mchana kutwa ulizidisha tu.

Mrs. Pasiansi
Samahani, mimi ni mjamzito miezi mitano na juzi nilikula roli za samoni zilizokaa kama masaa manne. Sijisikii vibaya. Nifanye nini?

Muuguzi wa Sekou Toure Road
Dada yangu, usitapishwe wala usinywe dawa yoyote kwa hofu. Nenda kliniki yako, waeleze ulikula nini na lini. Kwa mjamzito tunaogopa listeria, na hiyo inaweza kuchelewa hata wiki kadhaa kabla ya kuonyesha dalili. Kwa hiyo homa au maumivu ya mwili kama mafua mwezi huu au ujao, usiyadharau, rudi na utaje hiyo sushi.

Fundi wa Friji Mabatini
Tuseme namba basi. Mwisho ni masaa mangapi?

Mpishi wa Zamu
Jikoni kwetu kila sinia lina lebo ya saa lilipotoka kwenye ubaridi. Likifika masaa manne linatupwa, hata likiwa zima. Hiyo ni kwa wali uliopimwa uchachu.

Muuguzi wa Sekou Toure Road
Kwa nyumbani mimi sikubaliani na manne. Nani amepima uchachu? Nani anajua boda ilikaa wapi? Nasema mawili, na saa moja kama ni kwenye gari au hemani ambako joto linapita nyuzi 32.

Mpishi wa Zamu
Kwa chakula cha kuagiza nakubali hoja ya boda. Lakini kwa mgahawa unaopima, mawili ni kutupa chakula kizima.

Dada wa Nyegezi
Asanteni sana. Nimerudi kwa mwenzetu wa jodari. Anasema mwaka jana akiwa Dar alikula kibua wa kukaanga, uso ukawaka vilevile. Sasa anaogopa ana aleji ya samaki wote, ameacha hata sato. Dada Muuguzi, anajuaje tofauti?

Muuguzi wa Sekou Toure Road
Mwambie aandike samaki aliyemdhuru ni yupi na alikaa nje muda gani kila mara. Kama jodari na kibua ndio tu wanaomfanya hivyo na sato wa moto hamfanyi kitu, naelekea histamini. Lakini aleji ya kweli nayo ipo na inaweza kuwa hatari, kwa hiyo kabla hajamgusa samaki tena akapimwe hospitali.