Picha ya paa lililoezuliwa: ni mgongo mpana au bati la vigae, na ni geji ngapi?

FundiKizota: Mteja wa Mpwapwa amenitumia picha moja, aliyoipiga akiwa chini, ya paa ambalo upepo umeliezua upande mmoja, naye anataka makadirio ya bei leo. Mimi naona mgongo mpana, lakini kijana wangu anashikilia kuwa ni bati la vigae. Je, niandike lipi, na niweke geji 28 au 30?

MzeeWaKenchi: Migongo inayoteremka kutoka kwenye kofia haitakusaidia, kwa kuwa aina zote mbili zinayo. Tafuta ngazi zinazokatiza bati kwa upana: vigae vinazo, mgongo mpana hauna. Picha ikipigwa jua la utosi, vivuli vya ngazi hizo hupotea, hivyo mwombe mteja apige nyingine jioni, akisimama ubavuni mwa nyumba.

Salama_K: Geji nayo inaonekana pichani. Bati likiwa limechanika penye misumari, hilo ni geji 32.

MzeeWaKenchi: Bati jembamba huchanika upesi, ni kweli, lakini hata la geji 28 huchanika papi zikiwa zimeachana mno au kutu ikiwa imekula tundu la msumari. Mimi sijawahi kuamini geji iliyosomwa kwenye picha. Mwambie mteja ageuze kipande kilichoanguka, kwani mara nyingine maandishi ya kiwanda hubaki upande wa ndani. Yakiwa yamefutika, apime kipande hicho kwa mizani ya jikoni.

Baba Neema: Paa langu ni la vigae vyenye changarawe, nazo zimeanza kupukutika. Je, nipake rangi ipi?

Salama_K: Ndugu, hapa tunatafuta aina ya bati, si rangi. Tafadhali fungua mada yako.

FundiKizota: Picha ya jioni imefika, na hakuna ngazi hata moja, kwa hiyo ni mgongo mpana. Maandishi yamefutika. Mteja amekata kipande cha urefu wa sentimita 50, chenye uzito wa gramu 560, na upana wake ni sentimita 40.

MzeeWaKenchi: Huo upana ameupima kwa kunyoosha futi juu ya migongo, au kwa uzi uliofuata kila mkunjo?

FundiKizota: Alinyoosha futi. Kwa uzi amepata sentimita 48.

MzeeWaKenchi: Basi eneo ni mita za mraba 0.24, na kila mita ya mraba ina uzito wa kilo 2.33. Chuma cha unene wa milimita 1 kina kilo 7.85 kwa mita ya mraba. Ukigawanya unapata karibu milimita 0.3, rangi ikiwa imo humo. Kwa upana wa futi ungepata 0.36, ukamuuzia geji 28 bure.

FundiKizota: Nitaandika geji 30. Ninachohofia sasa ni umbali wa mgongo hadi mgongo, maana viwanda havilingani, na bati jipya lisipolalia la zamani maji yatapita kwenye mapishano.

MzeeWaKenchi: Hilo picha haitakwambia. Ama apime migongo mitano mfululizo akutumie, ama uandike bei ya kuezeka upande huo wote upya.

Salama_K: Upande wote kwa bati chache zilizong'oka? Mteja atakimbia.