Kidonge "kimezwe na maji"? Wanaotafsiri karatasi za dawa wanatutesa!

Wakuu, nimechoka. Nauza dawa Tandika, na mzigo ukija na karatasi ya Kiswahili, kazi ya kuieleza upya inaniangukia mimi dirishani. Someni hii: "Kidonge hiki kinapaswa kuchukuliwa na mgonjwa mara tatu kwa siku na kinapaswa kumezwa na maji."

Kimezwe na maji! Hapo maji ndiyo yanayomeza. Huku Pwani aliyemezwa na maji ni aliyezama. Na bibi mmoja kaniuliza akichukue akipeleke wapi. Maneno ya kazi hii tunayo siku zote: "Meza kidonge kimoja kutwa mara tatu, kwa maji." Anayeambiwa meza anajijua, hana haja ya kutajwa.

Chini wameandika "dawa ikikimbia nje, rudi nyuma kwa daktari." Mwingereza anaunganisha kitenzi na kijineno chake kupata maana moja, kama "run out", mtafsiri kavitenganisha akatafsiri kila kimoja kivyake. Dawa inaisha! Mgonjwa anarudi kwa daktari, basi. Watu wanalipwa kwa kazi hii!

Rangi Tatu: Kweli kabisa mkuu. Wafute vitenzi vyote vya kutendwa, Kiswahili hakivihitaji.

Mhariri Mstaafu: Hapana ndugu yangu, usifute vyote. Nimeibiwa simu, amefiwa, tumenyeshewa: utasemaje bila hivyo? Hata karatasi hiyohiyo, Kiingereza kikisema dawa imeandikwa kwa ajili yako, sisi tunamtanguliza mgonjwa: "umeandikiwa dawa hii." Hiyo ni ya kutendwa na ni Kiswahili safi. Kosa liko kwenye "na". Baada ya kitenzi cha kutendwa, msomaji anategemea "na" imlete aliyefanya. Kwa hiyo litazame jina linalofuata: je, hilo ndilo lililofanya kazi? Maji hayamezi kidonge, basi weka "kwa".

Mama Wawili: Samahani, mimi dawa ya maji ya mwanangu imeandikwa "itikiswe kabla ya kutumiwa." Nilitikisa siku ya kwanza tu. Nimeharibu?

Mleta uzi: Dada, tikisa kila unapompa, dawa huwa inatuama chini. Chupa ikibaki na nzito tupu, irudishe ulikonunua wakuangalizie. Mnaona wakuu? Wangeandika "tikisa chupa kila unapotaka kumpa mtoto" asingekosea.

Mzee Mhariri, nisaidie na hii: "Usitumie kama sili imevunjwa." Mimi ningeweka "imevunjika."

Mhariri Mstaafu: "Imevunjika" inaeleza hali tu, haijali kama kuna aliyevunja. Kwa chupa iliyoanguka inatosha. Ila kwenye dawa, hofu ni kwamba kuna mtu kaichezea, na hapo "imevunjwa" ina kazi yake. Kiingereza kinabeba yote mawili kwa neno moja. Ningeandika "kama sili imebanduka au imefunguliwa."

Rangi Tatu: Ndefu hiyo mzee, haitaenea kwenye kifuniko.

Mleta uzi: Bora wapunguze nembo yao waipe nafasi.