Nilidhamini milioni 6, leo nadaiwa milioni 11.4: pesa zimeongezwa bila mimi kuitwa!

MamaDuka_Malaba

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Machi 2025 rafiki yangu tuliyesoma naye Tororo alikopa shilingi 6,000,000 kwa kampuni moja ya wakopeshaji hapa mpakani, upande wa Uganda. Jina silitaji. Mkopo wa miezi 6, kila mwezi alipe milioni 1 ya mtaji na 600,000 ya riba. Wadhamini tulikuwa wawili, mimi na mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Nilisoma fomu mstari kwa mstari, nikauliza maswali, nikasaini nikijua ninachosaini: milioni 6, miezi 6.

Aprili alilipa, Mei alilipa, Juni alilipa. Mtaji uliobaki ni milioni 3, na mimi nikawa nimetulia. Mwisho wa Juni wakamwita ofisini wakampa milioni 4 nyingine! Hakuna aliyenipigia simu. Hakuna karatasi niliyoletewa. Mwalimu naye hakuambiwa. Tangu Julai rafiki hajalipa hata senti, Septemba simu ikazimwa, mke wake anasema yuko Juba.

Sasa Oktoba hii barua imekuja dukani kwangu. Dukani, si kwa mwalimu, kwa sababu duka lina bidhaa zinazoonekana. Naiandika kama ilivyo: mtaji 7,000,000, riba ya miezi 4 2,800,000, faini 900,000, gharama za ukusanyaji 700,000. Jumla 11,400,000.

Juzi wakaja na askari. Mchana, wateja wamejaa, kijana wangu yuko kwenye mizani anapima sukari. Askari anasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kwamba nimekula pesa za watu. Mimi! Kisha afisa wa kampuni akatoa karatasi iliyochapwa tayari, jina langu na nambari yangu ya kitambulisho vipo, kwamba "nakubali kudaiwa 11,400,000 na nitalipa kwa awamu 4". Nikakataa kusaini. Wamesema Jumatatu niende kituoni nikaisaini huko, na kitambulisho changu cha taifa walichokichukua Machi hawakirudishi mpaka nisaini.

Nataka mtu anayejua aniambie: mimi ni wa kulipa nini hasa?

Boda_Mzee_Busia

Pole sana mama. Usitetemeke. Mdhamini halipi mpaka mkopaji ashitakiwe, mali yake iuzwe, ikipungua ndipo waje kwako. Waambie waende Juba.

Nalongo_Sacco

Dada yangu, mimi ilinikuta kwenye Sacco yetu. Nilimdhamini jirani kwa milioni 2, akashindwa, asubuhi moja nakuta akiba yangu imekatwa milioni 1.3. Hakuna barua, hakuna askari. Sijawahi kurudishiwa. Kwa hiyo angalia akiba yako mapema, hamisha pesa.

MamaDuka_Malaba

Nalongo pole, lakini hawa si Sacco, sina akiba kwao. Wanataka duka.

AfisaMikopo_Mstaafu

Mama, nimefanya kazi ya mikopo Mbale na Tororo kwa muda mrefu, nimeandika barua kama hiyo nyingi. Nianze na hilo la Mzee wa Busia kwa sababu linawaponza watu wengi. Mzee, ulilosema linasikika la haki lakini sheria yetu ya mikataba ya 2010 haiko hivyo. Mkopaji akishakosa kulipa, mdhamini anadaiwa kiasi kile kile anachodaiwa mkopaji, isipokuwa fomu imesema vingine. Mkopeshaji hana lazima ya kwenda Juba kwanza. Anaweza kumfuata mama peke yake, akamwacha hata mwalimu. Akishalipa, mama ndiye mwenye haki ya kumdai rafiki yake kila alicholipa, na kumdai mwalimu nusu yake. Basi hoja ya "mfuateni mkopaji kwanza" usiitegemee.

Hoja yako wewe ni nyingine, na ni nzito: deni la nani? Ulidhamini mkopo gani? Naomba uangalie mambo mawili. Fomu uliyosaini inasemaje kuhusu pesa atakazoongezewa? Na kwenye stetimenti, Juni walifanya nini: waliongeza milioni 4 juu ya mkopo ule ule, au walifunga mkopo wa kwanza wakafungua mpya?

MamaDuka_Malaba

Fomu ninayo, na stetimenti waliambatisha kwenye barua. Fomu inasema nadhamini "mkopo wa shilingi 6,000,000 pamoja na riba na gharama zake". Chini kuna kifungu kwamba mkopeshaji anaweza kumwongezea mkopaji muda wa kulipa bila kunijulisha. Kuhusu kuongeza pesa hakuna neno.

Stetimenti: tarehe 27 Juni kuna mkopo mpya wenye nambari mpya, 7,000,000. Mstari unaofuata 3,000,000 zimekatwa "kulipia mkopo wa awali", na 4,000,000 zimetolewa taslimu. Ule wa awali salio linasoma sifuri, umefungwa.

AfisaMikopo_Mstaafu

Basi wamejifunga wenyewe kwa karatasi yao.

Nieleze polepole. Wangeongeza muda tu, usingekuwa na la kusema, maana kifungu cha muda ulikikubali. Pesa ni jambo jingine. Wangeongeza milioni 4 juu ya mkopo ule ule bila ridhaa yako, sheria inakutoa kwenye yale yanayofanyika baada ya mabadiliko. Hapo wangebaki wakikudai ile milioni 3 ya zamani na riba yake, na ungekuwa na kazi ngumu kuikwepa. Lakini wao wamefanya zaidi. Mkopo uliodhamini wameulipa wenyewe kwa pesa za mkopo mpya, wakaufunga. Mkopo mpya wa milioni 7 hauna saini yako. Kwa jinsi ninavyoona, unachodaiwa kwa fomu ile ni sifuri, na hata hakimu akiwa mkali kwako akaona ni mkopo ule ule umevalishwa nambari mpya, mjadala unapaswa kuwa kwenye milioni 3, si kwenye 11.4.

Fomu nyingi za siku hizi zina kifungu cha "na mikopo mingine yoyote atakayopewa baadaye". Ingekuwa na hicho ningekupa jibu tofauti kabisa. Wengine hapa kaangalieni fomu zenu leo.

Sasa unaona kwa nini wanaing'ang'ania ile karatasi ya polisi? Fomu ya Machi haiwafikishi kwenye 11.4. Ukisaini kwamba unakubali kudaiwa, wanaacha fomu ya Machi na kukushitaki kwa karatasi mpya, ambayo ina jina lako, kiasi na saini yako. Hata neno moja usiandike pale. Deni ni kesi ya madai, askari hana kazi nalo. Akitaka kukufungulia la jinai, akuambie kosa ni lipi, uandike maelezo yako mbele ya wakili.

Boda_Mzee_Busia

Nimekuelewa afisa, nashukuru kwa kunisahihisha. Lakini mbona jirani yangu alifungwa kwa deni?

AfisaMikopo_Mstaafu

Mzee, kifungo cha madeni kipo katika sheria, hakizidi miezi 6, lakini kinatoka kortini baada ya hukumu na baada ya mdaiwa kuitwa ajieleze. Na akitoka deni bado lipo. Askari wa kukodiwa dukani hana mamlaka hayo.

Wakili_Mdogo_Mbale

Nakubaliana na mengi, naongeza la muhimu kuliko yote. Mama, wakiona husaini watakwenda kortini, na wanaweza kutumia ile kesi ya haraka ya Amri ya 36 ya kanuni za kesi za madai. Humo hujibu kama kesi ya kawaida. Una siku 10 tangu kukabidhiwa karatasi kuomba ruhusa ya kujitetea, ukiambatisha hati ya kiapo. Siku hizo zikipita, hukumu inatoka bila wewe kusikilizwa, na hoja nzuri ya 27 Juni inabaki mkobani. Nimeona watu wenye haki kama yako wakipoteza kwa sababu waliweka karatasi ya korti chini ya kaunta wakisema watamuuliza mtu. Andika tarehe na saa uliyokabidhiwa, siku hiyo hiyo tafuta wakili.

Jambo la riba pia. Tangu mwisho wa 2024 wakopeshaji hawa wamewekewa kikomo cha asilimia 2.8 kwa mwezi. Kwa milioni 6 ni 168,000. Rafiki yako alikuwa akilipa 600,000. Kwa miezi 3 wamezidisha 1,296,000. Ukiipeleka kwenye mtaji, hata ile milioni 3 inashuka hadi 1,704,000.

AfisaMikopo_Mstaafu

Wakili, hapo nasita. Kwamba hawawezi kudai asilimia 10 kuanzia sasa, sawa. Lakini riba iliyokwisha kulipwa kwa hiari na mkopaji, mdhamini aitumie kupunguza mtaji? Hakimu mmoja anaweza kukubali, mwingine akasema hilo ni dai la mkopaji mwenyewe.

Wakili_Mdogo_Mbale

Mdhamini hadaiwi zaidi ya anachodaiwa mkopaji. Kama deni la mkopaji ni dogo kisheria, la mdhamini nalo ni dogo. Ningeipigania. Lakini sitamwahidi mama ushindi hapo.

Nalongo_Sacco

Kumbe mimi pia nirudishiwe, Sacco yetu inatoza zaidi ya hapo!

Wakili_Mdogo_Mbale

Hapana mama Nalongo, kikomo hicho ni cha wakopeshaji wa pesa wenye leseni ya namna hiyo. Sacco na benki haziko humo. Wewe angalia fomu yako kama iliwaruhusu kukata akiba, na uombe stetimenti ya jirani uone kama milioni 1.3 ndiyo iliyokuwa imebaki kweli.

MamaDuka_Malaba

Mungu awabariki. Nimekaa na mwalimu jioni hii, ametetemeka kwa sababu wamemwambia watamkata mshahara. Nimemwonyesha mstari wa 27 Juni.

Na kitambulisho changu? Siwezi hata kusajili laini ya simu.

Wakili_Mdogo_Mbale

Mkopeshaji haruhusiwi kushika kitambulisho cha taifa kama rehani, wala kadi ya benki. Lalamika UMRA kwa maandishi, ndio wanaowapa leseni. Waulize hapo hapo kama kampuni hiyo ina leseni ya mwaka huu, maana leseni yao ni ya mwaka kwa mwaka.

Barua kwa kampuni iwe fupi: unakana deni la 7,000,000, hukulisaini, mkopo wa Machi kwa stetimenti yao wenyewe umefungwa, unataka kitambulisho chako. Peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri na tarehe ubaki nayo. Usiandike popote kwamba "utajitahidi kulipa kidogo".

MamaDuka_Malaba

Nitaipeleka Jumatatu asubuhi badala ya kwenda kituoni. Mwalimu asaini barua hiyo hiyo, au aandike yake?

AfisaMikopo_Mstaafu

Aandike yake. Fomu yake hatujaiona, huenda haifanani na yako. Mwambie aipige picha ailete hapa, afiche majina.