Fundi katoka jela anaomba kazi karakanani kwangu. Nimpokee?

RandaKali (mleta uzi): Wakuu, habari za jioni. Nina karakana ya samani hapa Keko. Kuna fundi kamaliza kifungo, anataka kazi. Mkono wake sina shaka nao, ila roho inasita. Hivi magereza yetu yanarekebisha watu kweli, au wanatoka wameiva zaidi? Silali.

ChumaChakavu: Mpe kazi, ila nyundo zihesabiwe asubuhi na jioni kama vijiko vya shughuli.

Mama Shadya: Mpe, mwanangu. Marehemu kaka yangu alitoka Segerea, mtaa mzima ukamkwepa. Hata chumba cha kupanga tulimtafutia kwa jina la shemeji. Unadhani alirudi kwa nani? Kwa walewale waliomponza.

AfandeMstaafu: Nimetumikia magereza hadi kustaafu, nikujibu ulichouliza. Karakana ya gereza ina oda za kutimiza, kwa hiyo anayeingia akiwa fundi tayari ndiye anayewahiwa kupelekwa benchi. Asiyejua kitu anaishia shamba au usafi, na mwenye miezi sita hafundishwi chochote, muda hautoshi. Wapo wanaofanyiwa mtihani wa VETA humohumo wakatoka na cheti, na hao nimewaona wakisimama. Lakini mlangoni mtu anatoka bila msumeno wala randa. Ujuzi anao, cha kushika hana. Huyo wako alifungwa kwa kosa gani?

RandaKali: Wizi tu, afande. Na hapo ndipo serikali inaponichosha. Kahukumiwa miaka mitatu, baada ya miwili yuko nje!

AfandeMstaafu: Hiyo ni theluthi, ipo kwenye Sheria ya Magereza. Mfungwa mwenye nidhamu anapunguziwa theluthi ya kifungo, akifanya makosa ndani inaliwa. Miaka mitatu ukitoa theluthi inabaki miwili. Hajapendelewa na mtu.

MjuziWaSheria: Mtu aliyefungwa haajiriki, sheria iko wazi.

AfandeMstaafu: Serikalini kuna vikwazo, sikatai. Karakana ya mtu binafsi hakuna sheria inayomkataza.

Mama Shadya: Mleta uzi, unazunguka. Alimwibia nani?

RandaKali: ...Mimi. Alikuwa fundi wangu. Alikuwa anapokea malipo ya awali ya wateja kwenye simu yake, na mbao zangu anauza kwa jirani. Jumla milioni moja na laki nane. Mimi ndiye niliyefungua kesi.

ChumaChakavu: Eeeh! Uzi ndiyo unaanza sasa.

RandaKali: Msinihukumu. Nimeshamwambia aje Jumatatu. Atafanya kazi bila mshahara mpaka deni langu liishe, posho ya chakula nitampa. Mbona ni haki? Jela ilimlisha ugali, mimi hela yangu haikurudi.

AfandeMstaafu: Mahakama iliamuru fidia?

RandaKali: Hapana. Hesabu ni yangu, lakini ni ya kweli.

AfandeMstaafu: Basi kadai kwa njia ya madai, au mkubaliane kwa maandishi. Kifungo amemaliza, wewe huna mamlaka ya kumwongezea kingine karakanani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kazi ya lazima. Hata mwajiri anayejilipa hasara iliyosababishwa na mfanyakazi wake hakati zaidi ya robo ya mshahara, tena baada ya kumwandikia hesabu na kumpa nafasi ya kuipinga. Chukua robo hiyohiyo iwe kipimo chenu. Akipata laki nne kwa mwezi, unakata laki moja, na deni linaisha kwa miezi 18. Ukimfanyisha kazi kwa posho ya chakula, mbao zitaanza kutoka tena, maana nyumbani kwake wanakula pia.

RandaKali: Miezi 18! Na akiniibia tena?

FundiMwenzako: Wizi wake ulipita kwenye simu na stoo, haukupita kwenye randa. Wateja walipe kwa namba ya karakana peke yake, risiti utoe wewe. Mbao mpe kwa orodha ya vipande vya kitanda husika, na mabaki ayarudishe. Mlipe kwa kipande. Mimi nina wawili wa hivyo. Mmoja yuko vizuri, mwingine alikimbia na drili yangu.

KaziKweli: Ngoja. Mtu aliyeibiwa 1,800,000 anaandika "jela ilimlisha ugali" kwa uchungu namna hiyo? Mimi naona huyu ndiye fundi mwenyewe, anapima upepo kabla ya Jumatatu.

ChumaChakavu: Hahaha! Mkuu, kama ni wewe, kabati la milango mitatu ni bei gani?

Mama Shadya: Awe bosi au fundi, jibu la afande halibadiliki.

KaziKweli: Linabadilika, mama. Kama ni fundi, aambiwe asikubali.

RandaKali: Fikirini mnavyotaka. Afande, nauliza moja tu: hiyo robo, nikimlipa kwa kipande naikata kila kitanda au mwisho wa mwezi?

AfandeMstaafu: Mwisho wa mwezi, mbele ya karatasi mliyosaini wote wawili. Na nakala abaki nayo yeye.