Ruta iliyodhoofika polepole: kusasisha programu dhibiti au kuriseti?

Mkaazi_Upanga
Habari zenu wanajukwaa. Nyumbani tuna intaneti ya faiba, kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde, na ruta ni ile ile waliyotufungia mafundi wa mtoa huduma. Mwanzoni kasi hiyo ilifika karibu yote hadi chumbani, lakini kadiri miezi ilivyopita imepungua kidogo kidogo, na sasa napata megabiti 4 mchana na chini ya 2 usiku. Hakuna siku ninayoweza kuitaja kwamba ndipo ilipoharibika. Jirani ananishauri niiriseti irudi katika mipangilio ya kiwandani, ilhali fundi wa simu hapa mtaani anasema nisasishe programu dhibiti kwa kuwa iliyomo ni ya 2019. Nianze na ipi?

Kijana_Kariakoo
Riseti, mkuu, usipoteze muda. Ruta ikikaa muda mrefu hujaa takataka kwenye kumbukumbu, na kuriseti ndiko kunakozifagia. Mimi yangu nikishairiseti hukimbia vizuri wiki moja au mbili, ikianza kuchoka naiminya tena kile kitufe cha nyuma kwa pini. Kusasisha programu ni kujitafutia balaa, maana umeme ukikatika katikati ya kazi umebaki na kopo.

Bi_Swichi
Ndugu Kariakoo, kuhusu umeme uko sahihi, lakini kumbukumbu unayoizungumzia hufutika kwa kuzima ruta na kuiwasha tu. Kuriseti hakuongezi usafi wowote hapo. Kinachofutwa zaidi ni mipangilio. Kwa kuwa nafuu yako hudumu wiki moja au mbili kisha hutoweka, ninashuku kwamba unachokipata ni nafuu ya kuiwasha upya, na unailipia kwa kuandika upya kila kitu. Safari ijayo izime tu kwa dakika moja, kisha ulinganishe.

Ndugu Mkaazi, kabla ya kuchagua dawa tujiulize ni kitu gani kilichobadilika. Programu ya 2019 haichakai kama tairi. Kama mtoa huduma hajaigusa kwa mbali, iliyomo leo ndiyo iliyokuwamo siku ulipofurahia megabiti 20. Tatizo linalokua kwa miezi mara nyingi hutokana na vitu vinavyobadilika kweli: mawimbi ya majirani, vifaa vinavyoongezeka nyumbani, adapta ya umeme inayodhoofika, au njia iliyo nje ya nyumba yako. Chukua kompyuta ya Windows, kaa nayo chumbani kwa waifai, uendeshe amri hizi:

```
ping -n 50 192.168.1.1
netsh wlan show networks mode=bssid
```

Kisha iunganishe kompyuta kwenye ruta kwa kebo, uzime waifai ya kompyuta, na uendeshe ile ya kwanza tena. Kama ruta yako ina anwani nyingine, utaiona kwenye kibandiko chini yake.

Mama_Nuru
Na mimi niko hivyo hivyo! Yangu ni ile ya kutia laini ya simu. Mwanzo wa mwezi inakwenda vizuri, ikifika mwisho wa mwezi hata picha haifunguki. Nayo niiriseti?

Bi_Swichi
La, dada yangu. Yako hupona mwezi unapoanza, kwa hiyo kwanza soma masharti ya kifurushi chako uone kama kasi hupunguzwa ukishatumia kiasi fulani. Hilo halitatuliwi kwa kitufe chochote cha ruta.

Mkaazi_Upanga
Nimefanya. Kwa kebo majibu yote 50 yamerudi kwa milisekunde 1, na kasi mchana ni megabiti 19. Kwa waifai kutoka chumbani majibu yanaruka kati ya milisekunde 3 na 400, na kadhaa hayakurudi kabisa. Ile amri ya pili imeleta orodha ndefu ya mitandao ya ghorofa yetu, na mingi iko chaneli 11. Yangu pia iko 11, na kwenye ukurasa wa mipangilio imeandikwa 11, si Auto.

Bi_Swichi
Basi hapo ulinganisho una maana. Aliyekufungia aliiweka chaneli hiyo kwa mkono, labda wakati huo ilikuwa tupu, na majirani wakahamia humo mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana huna tarehe ya kutaja.

Sasa zitazame dawa zako mbili. Ungesasisha programu, kwa kawaida mipangilio ingebaki ilivyo, nawe ungeendelea kugombea chaneli 11 ukiwa na programu mpya. Ungeriseti, huenda chaneli ingerudi kwenye Auto na kasi ingepanda, ungeapa kwamba takataka zimefagiwa. Lakini pamoja na chaneli ungefuta jina na nenosiri la PPPoE na ile VLAN ID ambavyo ruta hutumia kuingia kwenye mtandao wa mtoa huduma, na ambavyo wateja wengi hawajawahi kupewa, na nyumba ingekaa bila intaneti hadi mtoa huduma akujibu. Badilisha mstari mmoja tu: kwenye gigahezi 2.4 chagua 1 au 6, ile yenye mitandao michache na dhaifu zaidi, na upana uwe 20 MHz. Usiweke 3 wala 9, kwani zitaingiliana na pande zote mbili.

Fundi_Bara
Nakubaliana na Bi Swichi kwa kesi hii, ila asiifanye programu dhibiti kuwa kitu cha hivi hivi. Nimeshika ruta iliyokuwa ikimeza kumbukumbu yake yenyewe: ukiiwasha inaruka, baada ya siku chache hata ukurasa wake haufunguki. Kuriseti hakukusaidia, toleo jipya ndilo lililomaliza. Kwa hiyo ruta ya Kariakoo naipeleka kwenye kusasishwa. Soma toleo la kifaa kwenye kibandiko, kwa sababu v1 na v2 za jina moja hazitumii faili moja, tumia kebo, na uiunganishe kwenye yupiesi.

Kuriseti nako kuna mahali pake. Mwezi Mei 2018 FBI iliwataka watu wawashe upya ruta zao kwa sababu ya programu hasidi ya VPNFilter, lakini sehemu yake ya kwanza ilibaki hata baada ya kuwashwa upya. Ukikuta anwani za DNS usizozijua, riseti, sasisha, badilisha nenosiri, na usirudishe mipangilio kutoka kwenye faili la zamani, kwani utarudisha na uchafu wake.

Kijana_Kariakoo
Nitaizima tu nione. Lakini kama haikupona, pini yangu ipo.

Mkaazi_Upanga
Nimehamia chaneli 1. Chumbani mchana sasa ni megabiti 15, nimefurahi. Usiku bado: saa mbili hata kwa kebo napata 11, ruta inajibu kwa milisekunde 1 ilhali seva ya Google ya 8.8.8.8 inapanda hadi 180.

Bi_Swichi
Hiyo iko nje ya ruta yako, na dawa zote mbili haziifikii. Huenda ni msongamano wa saa za usiku. Fungua ukurasa wa hali ya faiba, utuambie RX Power, yaani nguvu ya mwanga unaoingia kutoka kwenye faiba, inasoma ngapi. Ikikaribia -27 dBm, mwite fundi asafishe kiungio.

Mkaazi_Upanga
Ukurasa huo umefungwa kwa nenosiri la mtoa huduma. Nimewaandikia na kuwaambatishia vipimo vya saa mbili usiku, hawajajibu.

Fundi_Bara
Ukiwapata, waulize pia toleo la programu. Ruta ni yao, kwa hiyo wanaweza kuisasisha kwa mbali, na faili la kwenye tovuti ya mtengenezaji huenda likakataliwa.