Naomba ushauri: kufunga kila gharama na shughuli yake kwenye andiko la utafiti

Habari za leo wakuu. Andiko letu la utafiti wa matumizi ya vyandarua limerudishwa na mhakiki, kwa hoja kwamba maelezo ya bajeti hayaonyeshi kila gharama inafanya kazi gani. Tunaandika upya, na nimekwama.

Mstari wa usafiri ulisomeka hivi tu: "Kukodi gari, siku 25 × Sh 180,000 = Sh 4,500,000." Nikarudi kwenye sehemu ya mbinu: kaya 600, wadodosaji 6, kila mmoja kaya 5 kwa siku. Hiyo ni kaya 30 kwa siku, yaani siku 20, Sh 3,600,000. Siku 5 zinaning'inia. Kiuhalisia zipo: siku 1 ya kujitambulisha kwa watendaji wa vijiji, 2 za kujaribia dodoso, 2 za kurudia kaya ambazo hazikuwa na mtu. Tatizo ni kwamba hazimo kwenye mbinu wala kwenye ratiba, ndiyo maana mhakiki anaziona kama nyongeza.

Maswali yangu mawili:

Siku hizo niziingize kwanza kwenye mbinu na ratiba ndipo nizitetee kwenye bajeti, au mhakiki atasema nimebadilisha utafiti?

Pili, karani wa takwimu anahudumia dodoso, majadiliano ya vikundi na uchambuzi. Mshahara wake niugawe kwa siku za kila shughuli, au nibakize mstari mmoja unaotaja shughuli zote tatu? Kukadiria asilimia bila hesabu ya siku naogopa, maana itaulizwa imetoka wapi.