Acheni kudanganya watu kwamba CFS inatambua programu za kuandikia

kori_nane: Wakuu, hili linakera. Kila anayeuliza kwa nini Linux inaitikia kibodi haraka huku hesabu kubwa ikiendelea, anajibiwa kwamba CFS, kipanga zamu cha Linux, inaitambua programu ya kuandikia na kuipa kipaumbele. Uongo! Kubahatisha aina ya programu ilikuwa kazi ya kipanga zamu cha zamani, kile kilichoondolewa kwenye kerneli 2.6.23 mwaka 2007. CFS haijui kibodi ni nini. Inatazama vruntime, yaani muda wa prosesa ambao kila programu imeshatumia, na zamu anapewa mwenye mdogo kuliko wote.

Chukua kori moja, hesabu ndefu na kihariri, zote nice 0, yaani kipaumbele sawa. Kihariri kinaamka ukigusa kitufe, kinatumia milisekunde 1, kinalala 99. Muda huo wote vruntime ya hesabu inapanda, yake imesimama. Kikiamka kiko nyuma, kinaingia papo hapo. Hesabu imepoteza asilimia 1 na bado inakula 99. Upendeleo uko wapi?

mgeni_hapa: Basi programu ikilala saa nzima itaamka na kushika prosesa saa nzima kufidia. Hiyo nayo ni haki?

kori_nane: Hapana. Ikiamka, vruntime yake inasogezwa mbele hadi `min_vruntime`, yaani ya aliye nyuma kuliko wote kwenye foleni, kasoro nusu ya `sched_latency`, muda ambao kila aliye kwenye foleni anapaswa kupata zamu. Kwa kori moja `sched_latency` ni milisekunde 6 usipoigusa, kwa hiyo fidia haizidi 3. Kumpokonya mwenzake zamu kunataka tofauti ya kama milisekunde 1 tu, ndiyo maana 3 zinatosha.

mama_flashi: Mimi nikikopi faili kwenye flashi, kila kitu kinaganda. Ndiyo CFS hiyo?

fundi_seva: Dada, fungua `top` utazame `wa`. Ikiwa juu na `us` iko chini, unasubiri diski, si prosesa.

Mwanzilishi, umeruka pabaya penyewe. Mkutano wa video unataka asilimia 40 ya kori. Weka hapo hesabu nne, kila mmoja haki yake inakuwa 20. Video haipati tena nafasi ya kulala, vruntime yake inapanda sawa na ya wenzake, picha inakatika. Halafu watu wanaambiwa washushe hesabu, "piga nice 19", wanapiga, hakuna kinachobadilika! Autogroup ikiwa imewashwa, kila terminali ni kundi lake, na nice inapima walio ndani ya kundi hilo tu. Kundi lenyewe ndilo la kushushwa, PID ikiwa namba ya hesabu yako:

```
cat /proc/sys/kernel/sched_autogroup_enabled
echo 19 > /proc/PID/autogroup
```

mgeni_hapa: Ya kwanza imenipa 1. Ya pili nimeandika, video bado inakatika.

fundi_seva: Soma `/proc/PID/cgroup`. Systemd ikiwa imeiweka hesabu kwenye kundi la cpu, autogroup haiigusi, utashusha `cpu.weight` ya kundi hilo. Na kerneli yako ni ipi? Kuanzia 6.6 kipanga zamu ni EEVDF: vruntime ipo, lakini zamu haichaguliwi kwa hiyo peke yake.

mgeni_hapa: 6.8.

kori_nane: Basi zile milisekunde 3 nilizotaja zisahau, kwako hazipo.